Giza la Kamera na Giza la Ruhusa

Kwa watu wa stoo, matatizo yote ya kuskani yalikuwa na jina moja: haisomi. Umeme umekatika, haisomi. Pakiti inang'aa, haisomi. Simu imezuia kamera, haisomi. Nilipopewa kazi ya kuirekebisha programu ya kuhesabu mali ya duka moja la jumla pale Kariakoo, niliikuta imeachwa na fundi aliyekwisha ondoka zake, na ujumbe wake wa kasoro ulikuwa mmoja kama neno la watu wa stoo: "Imeshindwa kusoma. Jaribu tena." Mtu ajaribu nini tena, haikusema.

Duka lenyewe lilikuwa mbele, mlango wazi barabarani, jua linaingia mpaka kaunta. Stoo ilikuwa nyuma, chumba kirefu chembamba kisicho na dirisha, sabuni na biskuti na mafuta ya kujipaka vimepangwa mpaka darini. Balbu ilikuwa moja, karibu na mlango. Wafanyakazi walitumia simu zao wenyewe, simu za kawaida za bei ya chini. Kazi ilikuwa kuelekeza kamera kwenye msimbopau wa bidhaa, ile mistari myeusi yenye namba 13 chini yake, kisha kuandika idadi ya katoni.

Mtunza stoo alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama tu. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa simu yake bila kupoteza muda.

"Mwanangu, simu hii ukiwa kaunta inasoma upesi. Ukiingia nayo huku ndani inagoma. Huku ndani kuna nini?"

"Giza, Mama."

"Mbona mimi naona?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Kweli tulikuwa tunaona, na hata kioo cha simu kilionyesha picha yenye mwanga wa kutosha. Pakiti ilionekana, rangi zake zilionekana. Mistari peke yake ndiyo iliyokuwa imekorogeka, kama imepakwa kwa kidole.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kamera ya simu ikiwa kwenye mwanga hafifu haikuletei picha nyeusi. Inajitahidi kukupa picha inayoonekana, na njia yake kuu ni kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi katika kila picha. Juani muda huo huwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kule stoo, simu ile ilikuwa inachukua theluthi moja ya sehemu ya kumi ya sekunde, yaani 1/30. Muda wote huo mkono wa binadamu hautulii.

Ukipiga hesabu unaona tatizo lilipo. Msimbopau wa namba 13 katika ukubwa wake wa kawaida umegawanyika katika vipande 95 vyenye upana sawa, na kila kipande kina milimita 0.33. Mstari mwembamba kuliko yote una upana wa kipande kimoja. Sasa chukua mkono unaosogea polepole, sentimita moja kwa sekunde, mwendo ambao mwenyewe huuhisi. Katika 1/30 ya sekunde mkono huo umesogea milimita 0.33. Umesogea upana kamili wa mstari! Mweusi umemwagikia mweupe, mweupe umemwagikia mweusi, na programu haina tena mahali pa kutofautisha. Mkono uleule, kwa muda wa 1/120, unasogea chini ya milimita 0.1, na mistari inabaki mistari. Ndiyo maana kaunta ilisoma na stoo ikagoma, kwa simu ileile, mkono uleule, pakiti ileile.

Msimbo wa QR nao hauponi. Watu wengi wanajua kwamba una uwezo wa kujirekebisha: tangu kampuni ya Kijapani ya Denso Wave ilipoutoa mwaka 1994, umekuwa na viwango vinne vya marekebisho, kuanzia asilimia 7 hivi mpaka karibu asilimia 30 ya data iliyoharibika. Ukichanika kona au ukimwagiwa chai, bado utasomeka. Lakini uwezo huo ni wa kuziba pengo la mahali fulani. Mkono ukitikisika, kila kijimraba cha msimbo kimeharibika kwa wakati mmoja, na hapabaki sehemu nzima ya kuziba nayo pengo.

Fundi aliyenitangulia alikuwa ameweka kipimo cha wastani wa mwangaza wa picha: ukishuka chini ya kiwango fulani, programu imwambie mtu awashe tochi. Kwa maelezo ya hapo juu utaona kwa nini ujumbe huo haukutokea hata mara moja mle ndani. Kamera ilikuwa inaupandisha mwangaza yenyewe kabla kipimo hakijaugusa. Cha kupima ni muda ambao kamera inautumia kuchukua picha. Kwenye Android thamani hiyo inapatikana katika matokeo ya kila picha kwa jina `SENSOR_EXPOSURE_TIME`, nayo hutolewa kwa nanosekunde, hivyo 1/30 ya sekunde huonekana kama 33,333,333 hivi. Tukaweka sharti: muda ukizidi 1/60 na sekunde tatu zimepita bila kusoma kitu, kitufe cha tochi kijitokeze kikubwa katikati ya kioo. Amri yenyewe ni mstari mmoja, mradi uulize kwanza kama simu ina taa:

```kotlin
if (kamera.cameraInfo.hasFlashUnit())
    kamera.cameraControl.enableTorch(true)
```

Sikutaka tochi ijiwashe yenyewe. Inamaliza chaji, na kwenye pakiti zinazong'aa inaleta ugomvi mwingine. Taa ya simu imekaa kando ya lenzi, kwa hiyo ukielekeza simu wima juu ya pakiti ya biskuti, mwanga unagonga plastiki na kurudi moja kwa moja machoni mwa kamera. Unaona doa jeupe katikati ya msimbo, na mistari iliyo chini ya doa imefutika. Dawa yake ni kuinamisha pakiti kidogo. Tena inamishe ukifuata urefu wa mistari: mistari ikiwa imesimama, sukuma juu ya pakiti irudi nyuma. Hapo mistari inaonekana mifupi tu, upana wake haubadiliki. Ukigeuza pakiti ubavu, upana ndio unaobanwa, na upana ndio unaobeba namba.

Mama alilijua hilo kwa mkono kabla sijamaliza kulieleza. Kilichomshinda kuamini ni jambo la pili, kwamba asogee nyuma. Kila mtu akiona simu haisomi, anaisogeza karibu. Kamera nyingi za simu hushindwa kulenga kitu kilicho chini ya sentimita kumi hivi, na mkono wenyewe unaziba mwanga wa balbu. Na hakuna haja ya kusogea hivyo. Maktaba ya kusomea tuliyoitumia, ML Kit ya Google, inapendekeza kila kipande chembamba kipate angalau pikseli mbili, hivyo vipande 95 vinataka pikseli 190. Picha ya pikseli 1280 kwa 720 inatosha kabisa ukiwa na simu umbali wa sentimita 15 au 17 kutoka kwenye msimbo wa ukubwa wa kawaida. Ukipandisha picha kuwa 1920 kwa 1080, unaweza kusimama kwenye sentimita 25, ila simu dhaifu itachelewa kuichambua kila fremu. Tukachora fremu ya mstatili kwenye kioo, kwa makusudi ndogo kuliko upana wa kioo, ili mtu akiujaza mstatili awe tayari yuko mahali pazuri. Hatukuandika maelezo yoyote. Mstatili ulitosha.

Giza la pili halikuwa na uhusiano wowote na balbu.

Kijana mmoja mpya wa kupakua mizigo alipewa programu siku yake ya kwanza. Alipoifungua tu, kabla hajaona hata jina la duka, ikamtokea dirisha la mfumo: programu inaomba kutumia kamera. Akakataa. Kesho yake ikamwomba tena, akakataa tena. Siku ya tatu alipoambiwa ahesabu rafu, akabonyeza kitufe cha kuskani na hakikutokea kitu. Kioo cheusi, na chini yake ule ujumbe wa jaribu tena.

"Ulikataa kwa nini?" nilimuuliza.

"Kaka, simu ni yangu. Programu ya bosi inataka kamera yangu ya nini saa moja asubuhi?"

Sikuwa na neno la kumjibu, maana alikuwa sahihi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, ruhusa ya kamera huombwa programu ikiwa inatumika, na mtu ana haki ya kusema hapana. Toleo la Android 11 likaongeza uzito wa hapana hiyo: mtu akiikataa ruhusa ileile zaidi ya mara moja, mfumo unachukua kwamba hataki kuulizwa tena. Kuanzia hapo programu ikiomba, dirisha halitokei kabisa. Jibu la kukataliwa linarudi papo hapo. Mtumiaji haoni chochote. Kwa upande wake ni kana kwamba kitufe kimekufa.

Kwenye iPhone ni kali zaidi, kwa sababu kukataa mara moja kunatosha; baada ya hapo njia ni kwenye Mipangilio tu.

Tulibadilisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa wakati wa kuomba. Programu ikaacha kuomba kamera inapofunguka. Ikaomba pale tu mtu anapobonyeza "Skani", na kabla ya dirisha la mfumo likatangulia dirisha letu lenye sentensi mbili: kamera itasoma msimbo wa bidhaa. Hakuna picha itakayohifadhiwa wala kutumwa. Sentensi ya pili ilibidi iwe kweli, kwa hiyo nilipitia programu yote kuhakikisha kila fremu inatupwa ikishasomwa. Fundi aliyetangulia alikuwa anahifadhi picha za misimbo iliyoshindikana kwa ajili ya uchunguzi. Nikaziondoa.

La pili lilikuwa kutofautisha aina za hapana. Mfumo una swali liitwalo `shouldShowRequestPermissionRationale`, linalojibu kama inafaa kumweleza mtu sababu kabla ya kumwomba tena. Mtego wake ni kwamba linajibu "la" katika hali mbili zilizo mbali kabisa: mtu ambaye hajawahi kuulizwa, na mtu aliyekataa moja kwa moja. Ukiuliza kabla ya kuomba, hutajua uko na yupi. Kwa hiyo tunaliuliza baada ya jibu kurudi:

```kotlin
val ombi = registerForActivityResult(RequestPermission()) { amekubali ->
    when {
        amekubali -> washaKamera()
        shouldShowRequestPermissionRationale(CAMERA) -> elezaSababu()
        else -> onyeshaMipangilio()
    }
}
```

Tawi la mwisho linamwonyesha mtu kitufe kinachofungua ukurasa wa programu hii ndani ya Mipangilio, na maneno machache ya kumwongoza: gusa Ruhusa, gusa Kamera, chagua kuruhusu. Tukaweka pia kitufe cha "Niulize tena", kwa sababu mtu anaweza kulifunga dirisha la mfumo kwa kugusa pembeni bila kukubali wala kukataa. Kwenye Android 11 na kuendelea kitendo hicho hakihesabiwi kuwa kukataa, lakini kwa mara ya kwanza kinaangukia tawi lilelile. Kumpeleka Mipangilio mtu aliyeteleza kidole tu ni kumzungusha bure.

Yule kijana alisoma zile sentensi mbili, akaniangalia, akauliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akaenda Mipangilio mwenyewe.

Lakini kesi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya dada wa kaunta, mwenye simu mpya kuliko wote. Ruhusa alikuwa ameitoa. Niliiangalia kwa macho yangu. Simu haikutoa kosa lolote. Kamera iliwaka, fremu zilikuja, na kila fremu ilikuwa nyeusi. Wenzake walikuwa wameshamtuma mlangoni kwenye jua, wakamfutia lenzi kwa kanga, wakamwambia simu ameuziwa mbovu. Weusi ule haukubadilika, kwenye jua wala kivulini.

Tangu Android 12, kwenye paneli ya juu inayovutwa kwa kidole, simu nyingi zina swichi ya kuzima kamera kwa programu zote kwa mpigo. Ikizimwa, mfumo hauinyang'anyi programu ruhusa. Unaiacha ifungue kamera kama kawaida, kisha unaipa picha tupu. Mfumo humtolea mtu tangazo la kumwomba afungue swichi, ila tangazo hilo hufungwa kwa mguso mmoja, na mtu mwenye wateja watatu mbele yake hulifunga bila kulisoma. Dada alikuwa ameizima usiku, kwa sababu zake, na hakuwa na wajibu wa kunieleza.

Kwa programu, hapa giza la mwanga na giza la ruhusa yanafanana sura. Ruhusa inasema ndiyo, kamera inasema ndiyo, picha ni nyeusi. Utajuaje? Kwa simu tulizokuwa nazo, jibu lilikuwa kwenye chembechembe. Kamera halisi ikiwa gizani, hata ukiiziba kwa kidole, inatoa picha yenye vumbi la nukta zinazochezacheza, kwa sababu kitambuzi chake kimepandishwa unyeti mpaka kinasikia kelele zake chenyewe. Picha tupu ya mfumo haina vumbi. Nukta zote zina thamani moja, fremu baada ya fremu. Tukachukua tabaka la mwangaza la kila fremu, tukatafuta tofauti kati ya nukta yenye mwanga zaidi na yenye mwanga kidogo zaidi. Tofauti ikiwa sifuri kwa fremu 30 mfululizo, ujumbe unasema: "Huenda kamera imezimwa kwenye paneli ya juu ya simu." Neno "huenda" nililiacha kwa makusudi, kwani kipimo hiki ni cha kukisia, si cheti.

Na hata baada ya yote hayo kuna siku balbu imekufa, tochi haipo, na mtu hataki kutoa ruhusa. Kwa ajili ya siku hizo kuna zile namba 13 zilizochapishwa chini ya mistari. Kuziandika kwa vidole ni njia halali kama kamera, na namba ya mwisho ipo kwa ajili ya kukamata makosa. Chukua namba ya mfano 6201234567893; tarakimu 620 za mwanzo ni za misimbo iliyosajiliwa Tanzania. Ukiacha tarakimu ya mwisho, jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 6, 0, 2, 4, 6 na 8 ni 26. Zilizobaki, 2, 1, 3, 5, 7 na 9, ni 27. Zizidishe kwa 3 upate 81. Jumla ni 107. Kufikia 110 zinahitajika 3, na 3 ndiyo tarakimu ya mwisho. Mtu akikosea tarakimu yoyote moja, hesabu inagoma. Akibadilishana mbili zinazofuatana, inagoma pia, isipokuwa tofauti yao ikiwa 5, kama 1 na 6. Hivyo baada ya namba kukubalika, programu humwonyesha mtu jina la bidhaa kwa herufi kubwa kabla hajaandika idadi.

Mama aliishia kuipenda njia hiyo kwa katoni za juu darini ambako mkono haufiki kwa utulivu. Anasoma namba kwa sauti, kijana anaandika.

Anayeanza leo na duka dogo, asiyehitaji kioo chake mwenyewe cha kuskani, ana njia fupi zaidi. Google wana kisomaji kilicho tayari ndani ya huduma za Google Play, `play-services-code-scanner`, ambacho kinafungua kamera kwa niaba ya programu na kurudisha namba tu. Programu yenyewe haiombi ruhusa ya kamera kabisa wala haioni picha. Utakosa vipimo vya mwanga nilivyoeleza, na simu isiyo na huduma za Google Play haitakifungua. Kwa duka lenye balbu zinazowaka na wafanyakazi wanaotumia simu zao wenyewe, mimi ningeanza na hicho.